Marahaba ya Mlango wa Ofisi

Ninachokumbuka kwanza ni mlio wa ufunguo. Ufunguo wa choo cha shule, uliofungwa kwenye kipande cha bati na kuning'inizwa msumarini kando ya mlango, ndani ya ofisi ya mwalimu mkuu. Upepo wa bahari ulipoingia, bati liligonga ukuta: ka, ka, ka. Mtoto aliyebanwa alisimama mlangoni, akatoa shikamoo, akangoja marahaba, ndipo akapewa.

Huo ulikuwa mwaka wa themanini na nne, karibu na Kibarani, nami nilikuwa mwalimu mgeni wa darasa la pili. Kadii alikuwa mpishi. Watu walimwita Mama Randu. Alikuwa mjane wa Kigiriama, mwenye mikono iliyobabuka kwa mvuke, na hakuwahi kukaa kwenye dawati hata siku moja. Katika orodha ya wafanyakazi jina lake liliandikwa la mwisho, chini ya mlinzi.

Asubuhi ile Kabibi, mtoto wa miaka saba, aliomba ruhusa akatoka. Hakurudi. Nilimkuta nyuma ya jiko, amechuchumaa kwenye pembe ya ukuta, analia hadi mabega yanaruka. Nilimwinamia nikamshika mkono.

"Nyamaza! Nani kakupiga? Kwa nini umetoroka? Sema!"

Akajikunja zaidi. Mwalimu mkuu, Bwana Mwambire, akatokea na fimbo.

"Huyu amekuja mlangoni kwangu, namwambia asalimu vizuri, akanipa mgongo akakimbia! Hata sasa watu wazima wawili wamesimama mbele yake, shikamoo hana. Saa nne, gwarideni, atasema shikamoo mbele ya shule nzima. Asiposema, aende kwao."

Akaenda zake. Nami, naona aibu kuandika, sikumtetea.

Kadii alikuwa ameyasikia yote. Alitoka na ungo wa maharagwe, akanitazama. "Mwalimu, rudi nyuma kidogo. Unamzibia njia."

Nikasogea. Yeye hakwenda moja kwa moja. Alizunguka ili mtoto amwone anakuja, akaketi mchangani ubavuni pake, si mbele yake, mbali kiasi ambacho mkono haufiki. Kichwa chake kikawa chini kuliko cha mtoto. Akaanza kuchagua mawe kwenye maharagwe.

"Kabibi, hujambo, mwanangu. Ni mimi, Mama Randu wa jikoni. Nimekuja kuketi nawe. Si lazima unijibu."

Mtu mzima kamwanza mtoto kwa salamu! Kisha akanyamaza. Mimi ningejaza kimya kile kwa maswali kumi. Yeye alichagua mawe.

"Naona unalia," akasema baadaye, polepole. "Kuna jambo limekuuma. Lia tu, sikufukuzi."

Kilio kikapungua, kikawa kwikwi. Kadii akavua leso ya mabegani, akaiweka katikati yao. "Hii naiacha hapa. Ukiitaka, ichukue."

Mkono mdogo ukaivuta. Mtoto akajifunika kiunoni.

"Utamwambia mwalimu mkuu?"

"Sitakudanganya. Kama ni jambo linalokuumiza, nitamwambia mtu wa kulizuia. Ila utajua wewe kwanza nitakayemwambia na nitakalosema. Wenzako hawatajua."

Halafu maneno yakatoka yakikatika: alibanwa, akaenda mlangoni, akatoa shikamoo. Mwalimu mkuu akasema hajaisikia. Akatoa ya pili. "Kwa sauti!" Akatoa ya tatu, na hapo akahisi mkojo unamponyoka, akakimbia. Hakuwahi kufika kichakani.

"Wataniita kikojozi," akanong'ona.

"Ulibanwa, ukaomba, hukupewa ufunguo," Kadii akasema, akimrudishia maneno yake vilevile. "Kosa si lako. Ahsante kwa kuniambia. Sasa unataka tukaoge kwanza, au nikuletee maji hapa hapa?"

"Hapa."

Alipokwisha kuoga, Kadii akamwambia, "Naenda kwa mwalimu mkuu. Nitamwambia habari ya ufunguo na mkojo, basi. Sawa?"

Kabibi akaitikia kwa kichwa.

Mpaka leo damu hunichemka nikifikiria. Shule ile ilikuwa na walimu saba wenye vyeti, na vyeti vyote havikutufundisha kwamba mtoto aliyeogopa hana shikamoo ya kutoa, kwa kuwa koo lake limefungwa. Tulidai heshima kwa mtoto tuliyemnyima choo!

Nilimfuata Kadii. Alisimama mlangoni pale pale wanaposimama watoto, akamweleza. Bwana Mwambire akapaaza sauti: "Mpishi unifundishe kazi? Alete shikamoo yake hapa!" Kengele ya gwaride ilikuwa karibu kulia, na fimbo ilikuwa juu ya meza.

Kadii akanyoosha mkono, akautoa ufunguo msumarini. Bati likagonga mara moja, likanyamaza. Akaufunga kwenye pindo la kanga yake ya kiunoni.

"Huu utakaa jikoni, mlango wazi," akasema. Kisha, akimtazama Bwana Mwambire, kwa sauti ya chini hata nikalazimika kusogea ili nimsikie: "Yule mtoto yuko kule nyuma, mwalimu. Ukifika, keti chini. Halafu umsalimu wewe."