Namba Zenye Wenyewe

Marehemu mume wangu alitoa ng'ombe wangu bila kuniuliza. Ng'ombe mwenyewe nilimleta Garissa kwa lori kutoka Mwingi, akiwa bado ndama, na maziwa yake ndiyo yaliyomlea mjukuu wangu tangu mama yake alipofariki.

Tulikuwa tunakaa mtaa wa Waberi. Mume wangu alikuwa mwenyekiti wa klabu ya wafanyakazi wa serikali, watu wa bara waliohamishiwa huko, na klabu ilitaka jenereta. Basi wakafanya bahati nasibu. Unaandika namba ya tarakimu tatu, yoyote kuanzia sufuri sufuri sufuri hadi tisa tisa tisa, nakala inabaki kitabuni. Siku ya droo, vizibo vya soda vilivyoandikwa tarakimu vinatolewa kwenye makopo matatu, kimoja kila kopo. Namba ikitoka na haina mwenyewe, zawadi inangoja droo nyingine.

Droo ya kwanza zawadi ilikuwa redio. Ziliuzwa tiketi arobaini, hakushinda mtu. Mume wangu akaona hiyo ndiyo desturi ya dunia, akaweka ng'ombe wangu mahali pa redio.

"Mama, usiwe na wasiwasi," akaniambia. "Kushinda ni bahati moja kwa elfu."

"Moja kwa elfu ni ya mtu mmoja. Wakiwa wengi je?"

"Wewe uza tiketi tu."

Nikauza, mlangoni pa klabu, nikiwa nimenuna. Na kwa sababu zawadi sasa ilikuwa ng'ombe, walikuja wote: polisi, manesi, madereva, hata watu waliotoka Dadaab na magari ya maji. Kufikia Alhamisi zilikuwa tiketi mia nane na mauzo yakafungwa. Karani wa klabu akanicheka: "Mama, mia nane kwa elfu! Huyo ng'ombe mwage kabisa."

Nilirudi nyumbani. Jirani yangu, mwalimu wa shule ya msingi, Msomali, alikuwa anaanua nguo. Nikamweleza.

"Wallahi mama, mimi tiketi sishiki, ni haramu," akasema. "Lakini kuhesabu si haramu. Watu wameandika namba gani?"

Nikafikiri. Wengi waliandika mwaka wa kuzaliwa. Aliyezaliwa hamsini na tano aliandika 955. Manesi sita walikuwa na 958, wakicheka pamoja.

"Basi hao sita wameshika namba moja," akasema. "Usihesabu tiketi. Hesabu namba zenye wenyewe."

Akaniandikia namba zote elfu katika daftari. Siku ya pili, Ijumaa, nilichukua nakala na kukata kila namba iliyokuwa na mwenyewe. Ikijirudia, nairuka. Shule sikufika mbali, lakini namba ninazijua. Nilipomaliza, zilizokatwa zilikuwa mia nne na kumi na mbili. Zilizobaki safi, mia tano themanini na nane.

"Kwa hivyo ng'ombe wangu anabaki?"

"Sikusema hivyo. Nafasi ya kubaki ni kubwa kuliko ya kwenda, lakini si kubwa sana. Na mama, ikitoka hiyo ya manesi, watu sita wana ng'ombe mmoja. Hawatamkamua kwa zamu."

Nilielewa. Watamchinja.

Jumamosi nilikaa mbele na daftari mapajani. Kizibo cha kwanza: tisa. Klabu nzima ikapiga kelele, maana miaka yao yote ilikuwa huko. Karani akanigeukia, "Mama, kamba iko wapi?" Nikamwambia afunge mdomo wake. Nikatazama ukurasa wa tisa: kuanzia thelathini hadi sabini na tano nilikuwa nimekata karibu zote.

Kizibo cha pili: moja.

Watu wakaulizana: Nani alizaliwa mwaka wa kumi na kitu? Katika mstari ule nilikuwa nimekata namba moja tu, 916, ya mlinzi mmoja mzee wa hospitali. Yule mzee alikuwa amesimama tayari, ameshika kofia.

Kizibo cha tatu: mbili.

912 haikuwa na mwenyewe. Nilifunga daftari, nikashukuru Mungu. Mzee akavaa kofia yake akasema, "Mama, maziwa nitanunua kwako tu," nikamwahidi kikombe cha bure.

Kisha nikamsomea mwenyekiti kanuni aliyoiandika yeye mwenyewe: mwenye kutoa zawadi aweza kuibadilisha kabla tiketi mpya hazijaanza kuuzwa.

"Unanishtaki mbele ya watu?" akauliza.

"Ninachukua ng'ombe wangu."

Nikamfungua, nikamwongoza hadi nyumbani, mjukuu akija mbio kutulaki. Zawadi ya droo iliyofuata ilikuwa baiskeli ya mume wangu. Aliponiuliza kwa sauti ya chini tiketi zimefika ngapi, nikamkabidhi daftari na kalamu.