Asilimia Tano Nukta Moja

Barua pepe ya meneja ilikuwa fupi, na haikuwa na kosa lolote. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wakinisikiliza hutafuta mtu wa kumlaumu, na mimi nimemtafuta kwa muda mrefu bila kumpata.

Ilikuwa ya Kiingereza, nami niliisoma polepole kama ninavyosoma zote za lugha hiyo. Alitaka ripoti mpya kila baada ya miezi mitatu. Safu tano: namba ya mfanyakazi, idara, siku za zamu, siku za kukosa kazini bila ruhusa, na asilimia. Asilimia iandikwe kwa tarakimu moja baada ya nukta. Likizo zilizoidhinishwa zisihesabiwe. Kipindi cha kwanza kilikuwa miezi mitatu iliyokuwa imetoka kuisha. Chini kabisa aliandika lengo: kuamua mikataba ya kuongezwa. Aliyezidi asilimia tano, mkataba wake utaishia hapo.

Kiwanda chetu kiko mtaa wa Gikondo, tunajaza juisi kwenye chupa. Nilianza kwa kubandika lebo. Aliyenifundisha kazi ni mama mmoja wa Masaka, pembezoni mwa mji, aliyekuja kila siku na udongo wa shamba kwenye viatu. Nilipomaliza kozi ya kompyuta nikapelekwa ofisini, alipiga kelele mbele ya wote: "Jamani, pisheni! Mkubwa anapita!" Kisha akanirekebishia kola.

Mume wangu alifariki ndani ya miezi mitatu hiyo. Mimi nilipewa ruhusa ya msiba, siku zangu ziko kwenye mfumo, zimeidhinishwa. Yule mama alikuja kwenye ikiriyo, yaani siku zile za kukaa na wafiwa baada ya mazishi, akabaki siku nne. Alipika, alifukuza watu walioongea sana, alilala sakafuni karibu na kitanda changu. Nilimwambia, "Mama, rudi kazini." Akasema, "Chupa zitajibandika zenyewe. Wewe kunywa uji."

Hakuomba ruhusa. Angeiomba kwa jina la nani? Mume wangu hakuwa ndugu yake.

Nilitoa data kwenye mashine ya alama za vidole, nikaipanga. Rekodi ya yule mama ilikuwa mstari mmoja tu: zamu sabini na nane, kukosa nne. Nne kwa sabini na nane ni asilimia tano nukta moja. Niliangalia mashine upya, nikitumaini imekosea. Haikuwa imekosea. Siku hizo nilizijua moja moja. Ya pili ndiyo aliyoninyoa nywele.

Kama meneja angetaka namba nzima, ingekuwa tano, na tano haijazidi tano.

Nilikwenda kwa meneja. Sikutaka kuuliza kama mtu asiyehusika, kwa hiyo nilimwambia yote.

"Bosi, naomba tuongeze safu ya sababu. Au tuandike asilimia bila nukta."

Alinisikiliza. Alikuwa amekuja kunipa pole nyumbani, sikulisahau hilo.

"Mashine haijui sababu," alisema. "Nikianza kuandika sababu, kila mtu atakuwa na msiba. Na nukta nikiitoa leo kwa ajili ya mmoja, ripoti ijayo nitaitoa kwa ajili ya nani?"

"Sijui, bosi."

"Hata mimi. Tuma kama nilivyoandika."

Ningeweza kugeuza nne kuwa tatu. Hakuna ambaye angeangalia. Nilikaa mbele ya kisanduku kile chenye nne mpaka kompyuta ikazima kioo, nikaona uso wangu humo. Nikaiwasha. Nikatuma.

Mkataba wake haukuongezwa. Siku ya mwisho nilimfuata getini, akiwa na mfuko wa sabuni na kandambili zake za kazini. Nilimwambia ripoti niliitengeneza mimi.

"Uliandika ngapi?"

"Nne."

"Ilikuwa nne," alisema. Akahamishia mfuko mkono wa pili. "Eh, ningejua, ningeondoka ya tatu jioni. Siku ya nne wewe ulikuwa unalala tu."

Akacheka. Mimi nilishindwa. Alipanda pikipiki, akaondoka bila kunishika mkono, na sijui kama alisahau au alikusudia. Sijaenda Masaka kuuliza.

Miezi mitatu mingine imekwisha. Leo asubuhi nimefungua ripoti ile ile, safu tano, na namba yake haimo. Nimeijaza ripoti hivyo hivyo. Siku yake ya nne sikuwa nimelala. Nilikuwa nimefumba macho nisikilize anavyoosha masufuria, nikiogopa kwamba nikifumbua ataaga.