Jibu Langu kwa Chama cha Wafanyakazi

Shule niliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe nilisoma kwa kuruka-ruka, maana msimu wa mahindi mama alinirudisha kwao Handeni kufukuza nyani shambani. Nyani wa kule wana dharau, mtoto hawamwogopi hata akishika rungu. Lakini nyani niwaache. Nataka kusema habari ya barua. Zipo nyingi zilizotoka kwa jina langu, ila moja tu ndiyo naiona yangu kabisa.

Baba yangu alikuja Korogwe kwa miguu na watu wa kwao, akaja kukata mkonge. Alikata mpaka mgongo ukakataa kunyooka. Mimi nikaanza kwenye mashine, nikawa fundi, nikawa mnyapara, na shamba lilipogawanywa na kuuzwa vipande, nikanunua kipande kimoja upande wa barabara ya Handeni pamoja na mashine kuukuu ya kuchakata majani. Watu walinicheka sana. Leo nina wakataji, nina watu wa mashine, nina akina mama wanaoanika singa, zile nyuzi za mkonge, juani. Nami nilijiapia kitu kimoja tu: asije mtu akasema mtoto wa mkataji amekuwa bwana mbaya kuliko mabwana wa baba yake. Jina jema hilo ndilo nililokaribia kulipoteza, tena kwa mikono yangu mwenyewe.

Mwaka jana, asubuhi moja, alikuja ofisini mama mmoja wa kwenye kuanika. Mtu wa makamo, ulimi wake hauna kona.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umeumwa?"

"Siumwi. Nimeleta barua. Mimi ndiye katibu wa tawi."

"Tawi la nini?"

"La chama cha wafanyakazi, mzee. Usishtuke, hatujaja kukuhamisha."

Barua ilitoka ofisi ya chama pale mjini. Ilisema chama kina wanachama wanaozidi nusu ya wafanyakazi wangu, kwa hiyo kinaomba kitambuliwe kuwa ndicho cha kuzungumza na mwajiri kwa niaba yao, na tukutane ndani ya siku thelathini. Nikaisoma mara tatu. Ukweli niuseme, iliniuma. Wanazidi nusu, na mimi sijasikia hata mnong'ono?

Hapo ndipo nilipokosea. Kwenye mashamba ya mkonge, tangu enzi za baba, jambo lolote humalizwa asubuhi watu wanapoitwa majina. Nani mgonjwa, nyoosha mkono. Nani hana panga, nyoosha mkono. Kesho yake nikasimama mbele yao kama nilivyozoea, nikasema, "Nimeletewa barua ya chama. Aliyejiunga anyooshe mkono nimwone."

Mkono mmoja tu ukapanda, wa yule mama. Jamaa mmoja wa mashine akamwambia, "Shusha, mama, kwapa litapata baridi." Watu wakacheka, nami nikacheka. Mama hakushusha. Aliuacha juu mpaka nilipomaliza kuita majina, na majina yalikuwa mengi.

Nikarudi ofisini natembea kama jogoo. Nikampigia simu binti yangu anayekaa Kilole. Yeye amesomea mambo ya utumishi, na barua zangu zote anaziandika yeye. Nikamwambia aje aandike: chama hakina watu, nimehesabu mwenyewe, ni mtu mmoja.

Alipofika nikamsimulia. Akaweka mkoba chini taratibu.

"Umewahesabu wapi, baba?"

"Pale pale, wanapoitwa majina."

"Mbele yako? Wewe unayewaajiri umesimama unawatazama?"

"Ningesimama wapi, juu ya paa?"

"Hao hukuwahesabu, baba. Umewatisha. Kujiunga na chama ni haki ya mtu, huwezi kumsimamisha akuungamie. Mambo haya huhesabiwa kwa fomu walizotia saini, zikalinganishwa na daftari la wafanyakazi."

Nilikasirika, nikatoka nje nikajifanya nakagua kamba za kuanikia. Lakini neno lile la kutisha liliniingia. Baba alikuwa na bwana mmoja aliyekuwa akiwasimamisha watu mstari na kuwauliza maswali hivyo hivyo. Nyumbani hatukuwa tukimtaja mtu huyo wakati wa kula.

Nilivyorudi nikageukia upande mwingine kabisa. Nikasema, "Basi andika nimekubali. Wote ni wanangu, babu yako alikuwa mkataji, nimekitambua chama, yaishe."

"Habari ya babu haiingii," akasema. "Na ukikubali leo halafu nusu haijafika, wale ambao hawakukitaka utawaambia nini? Ukikataa, na nusu wameshavuka, utaitwa kwenye Tume ya Usuluhishi. Jibu kwa adabu, weka siku ya kukutana, uliza usichokijua. Basi."

Tulikaa na barua ile mchana kutwa. Alipoisoma nikasikia "kupokea taarifa yenu kusichukuliwe kuwa tumekubali au tumekataa", nikamwambia hii si barua, ni kinyonga. Akacheka, asifute. Tuliwashukuru. Tukaomba nakala ya cheti cha usajili wa chama. Tukaomba watueleze ni kundi gani la wafanyakazi wanataka kuliwakilisha, maana msimamizi wangu anaajiri na kuachisha kwa niaba yangu, hawezi kukaa pande mbili za meza. Tukaomba waje na fomu zilizosainiwa. Tukataja siku ya kukutana, ndani ya zile thelathini, na saa yake.

Kifungu cha mwisho nilikitaka mimi, na neno kwa neno ni changu: "Kuhesabu kwa kunyoosha mikono kulikofanyika shambani lilikuwa kosa langu, hakutatumika kwa lolote, na hakuna mfanyakazi atakayeulizwa tena wala kusumbuliwa kwa kujiunga au kutojiunga." Binti yangu alitaka kuondoa "kosa langu". Akasema si lazima. Nikasema hilo likitoka sitii saini.

Barua nikaipeleka mwenyewe mjini, wakanigongea muhuri kwenye nakala. Asubuhi yake watu walipoitwa majina nikarudia kile kifungu kwa mdomo, mbele yao wote. Nakala ya tawi nikampa mama katibu mkononi. Akaisoma palepale, singa zimemjaa kwenye kanga.

"Mzee, hapa hujasema ndiyo."

"Sijasema."

"Wala hapana."

"Wala hapana."

Akaikunja vizuri. "Hapo chini lakini umesema. Tutakuja siku hiyo."

Wakaja, yeye na ofisa wao. Kundi tukakubaliana: wakataji, mashine, kuanika, shamba, msimamizi na karani wabaki nje. Binti yangu akasoma daftari, ofisa akasoma fomu, jina kwa jina. Nusu ikavukwa kabla ya chai, tena ikavukwa mbali.

Ila kilichonishika mimi ni tarehe. Fomu zile karibu zote zilitiwa saini kabla ya asubuhi ile ya kunyoosha mikono. Watu wale walisimama mbele yangu mikono chini, wakanitazama usoni, na hakuna aliyemtaja mwenzake. Niliona haya, sikatai. Lakini pale kwenye kiti niliona na fahari, tena kubwa, kwamba hawa ndio watu ninaofanya nao kazi, na kwamba nimewajibu kwa barua isiyowadanganya.

Ofisa akaniuliza, "Mzee, sasa unasemaje?"

"Sasa nimeona," nikamwambia. "Leteni huo mkataba wa kutambuana tuusome. Polepole lakini, mimi ni wa darasa la nne."