Wageni Watano kwa Siku

Mtu akikuambia kazi ya kukanda watu ni kazi laini, mwulize kama amewahi kumkanda mheshimiwa mwenye mgongo mpana kama mlango, saa nzima, na yeye mwenyewe hajaonja chakula tangu asubuhi. Halafu mheshimiwa anakoroma! Illuminée wa Busanza, pembeni mwa Kigali, aliifanya kazi hiyo miaka mingi, na watu wa mtaani kwake waliendelea kuamini kwamba anashinda kwenye baridi ya chumba kizuri akipaka watu mafuta yanayonukia. Aliacha kuwabishia. Kubisha nako kunataka nguvu.

Alizaliwa Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, wazazi wake wakiwa Wanyarwanda waliokimbilia huko, na Kiswahili alikipata mlangoni kwao kabla hajakipata Kifaransa cha shule. Alipohamia Kigali alikuwa msichana. Akasomea masaji, akaajiriwa hotelini, akaolewa na Valens mwalimu, akamzaa Ingrid. Kisha hoteli ikapunguza watu, naye akaanza kwenda nyumba kwa nyumba, kitanda cha kukunja kimefungwa nyuma ya pikipiki, na kila dereva wa moto, ndivyo Kigali wanavyoita pikipiki za kukodi, akiuliza kama amebeba jeneza la mtoto. Mvua ikinyesha, hakuna anayemwita. Mwezi wa mvua ulikuwa mwezi wa kula maharage bila kuuliza maswali.

Kwa hiyo Kellen alipompigia simu, Illuminée aliona mlango umefunguka. Kellen alikuwa meneja wa nyumba ya wageni pale Kacyiru, nyumba ya vyumba ishirini na kidogo, karibu na ofisi za serikali na balozi. Alikulia Mwanza, akarudi na Kiswahili cha huko pamoja na ulimi wa huko, ule usiozunguka. Wageni wake walikuwa wanauliza masaji, naye hakutaka kuajiri mtu wa kudumu. Akataka ushirikiano: Illuminée abaki mtu wa biashara yake, ila afanye kazi ndani ya nyumba.

Walikaa bustanini wakapatana. Nyumba itatoa chumba, maji ya moto, taulo na kufuliwa kwake, na watu wa mapokezi watapanga wageni. Illuminée ataleta kitanda, mafuta na mikono yake, na siku za msongamano atamwita Aurore, binti aliyesoma naye kozi moja, amlipe mwenyewe. Kumhoji mgeni kuhusu afya yake kabla ya kumgusa, hiyo ni kazi ya Illuminée. Mwenye homa, mwenye kidonda kibichi, mwenye jambo lolote la kutia shaka, Illuminée ana haki ya kumkataa, na nyumba itamtetea. Masaji ni ndani ya chumba cha masaji tu. Chumbani kwa mgeni, hapana, hata awe nani. Hayo yote Kellen aliyaandika bila kupepesa macho.

Ikabaki bei. "Unataka tugawane kwa kila mgeni," Kellen aliuliza, "au nikupe kiasi kimoja kila mwezi, waje wageni, wasije wageni?"

Illuminée aliufikiria mwezi wa mvua. "Kiasi kimoja," akasema.

"Sawa. Kwa siku unaweza wangapi?"

Hapo ndipo alipojichimbia shimo, jamani. Swali limeulizwa wazi, mchana kweupe, na mtu anayetaka jibu. Lakini mtu wa Kigali aliyelelewa vizuri, akipewa kitu chema, haanzi kukiwekea mipaka mbele ya mtoaji. Ataonekana ana kiburi. Ataonekana hajashukuru. Illuminée akatabasamu, akasema, "Nta kibazo, madamu. Hakuna tabu. Tutaelewana."

"Tutaelewana" nalo likaandikwa. Siku ileile Illuminée alienda zake nyumbani akiimba.

Miezi ya kwanza ilikuwa ya raha. Wageni wawili, watatu, siku nyingine hakuna, na mwisho wa mwezi kiasi kilekile. Kisha Kellen, ambaye ni meneja na kazi yake ni kujaza vyumba, akatoa ofa: lala siku mbili, masaji moja bure. Bure kwa mgeni. Bure kwa nyumba pia, maana kiasi cha Illuminée hakiongezeki. Aliyelipa alikuwa nani? Gumba la Illuminée.

Mikutano ikaja, na Kigali mikutano haiishi. Wajumbe wakashuka na shingo zilizokauka kwa safari, kila mmoja na vocha yake mkononi. Wageni sita kwa siku. Saba. Siku moja tisa. Aurore aliitwa mara chache, kwa sababu kila anapoitwa malipo yake yanamegwa kwenye kiasi kilekile. Na mapokezi wakipiga simu, "Mama Ingrid, kuna mmoja tena, itawezekana?" yeye hujibu nini? Nta kibazo. Mara nyingine alijibu huku ameegemea ukuta, macho ameyafumba.

Kwanza gumba la mkono wa kulia lilikuwa linauma jioni. Kisha asubuhi. Kisha akawa hawezi kumenya ndizi, na Valens akachukua kisu akamenya yeye. Daktari alimshika mkono, akaukunja kidogo, na Illuminée akapiga kelele iliyomtia aibu. Akaambiwa kano za gumba zimevimba kwa kazi nyingi. Apumzishe mkono, avae kifaa cha kulishikilia gumba, apunguze wageni. Akiendelea hivihivi itakuwa sindano, baadaye upasuaji, na baada ya upasuaji hakuna anayeweza kuahidi kwamba mkono utarudi kwenye masaji.

"Mwambie Kellen," Valens alisema.

"Nimwambie nini? Kwamba nimechoka kazi aliyonipa?"

"Ndiyo. Mwambie hivyohivyo."

"Wewe unaongea kama watu wa Mwanza," Illuminée akamjibu, akamgeuzia mgongo. Alikuwa amechoka hata kugombana. Alichoka uchovu ule ambao ukilala nao unaamka nao, umekutangulia kuvaa viatu.

Na alikuwa anaogopa. Mikono ndiyo duka lake, ndiyo shamba lake. Ada ya Ingrid ilitoka pale. Akiiacha Kacyiru anarudi kwenye moto na mvua. Akibaki Kacyiru anapoteza mkono. Usiku alipima huku na huku, akaamua kuacha, maana mkono ukifa hakuna wa kununua mwingine.

Mwaka wa mapatano ukaisha na Kellen akamwita ili waandike upya. Njia nzima kutoka Busanza, nyuma ya dereva, Illuminée alikariri maneno ya kuaga: shukrani nyingi, sababu za kifamilia, Mungu akubariki. Alifika ameyapanga kama nguo za sanduku. Kellen akamkaribisha ofisini, akaagiza chai, akamwona na kifaa mkononi.

"Mama Ingrid, umeumia?"

"Kidogo tu. Madamu, nimekuja kukuaga."

Kellen aliweka kikombe chini. "Kuniaga? Wageni wanakusifu! Nani amekuudhi?"

"Hakuna. Ni mambo ya familia."

"Familia gani imekufunga gumba?"

Illuminée aliyatafuta maneno aliyoyakariri, hayakuwepo. Akasema tu, kwa sauti ndogo, "Wageni ni wengi, madamu. Siwezi tena. Mkono unakufa."

Kellen alionekana kama mtu aliyekanyagwa. "Si nilikuuliza?" akasema. "Bustanini pale. Nilikuuliza unaweza wangapi. Na mapokezi walikuuliza kila siku. Kila siku ukasema hakuna tabu. Mimi nikajua mama huyu ni chuma!"

"Ningekataaje? Wewe umenipa kazi."

"Kwa kusema hapana, mama! Kwani ningekupiga?"

Illuminée alihisi hasira ikipanda, na hasira hiyo haikujua iende kwa nani. Kellen akaona, akashusha pumzi, akaongea taratibu. "Nisijitakase. Niliona unavyoutikisa mkono ukitoka kwa mgeni. Niliona, nikanyamaza, kwa sababu ofa inajaza vyumba. Hapo nimekosa, na ninakuomba radhi. Lakini usiende. Niambie wangapi."

Mtu angesema sasa jibu litatoka mbio. Wapi! Illuminée alisokota kona ya kitambaa chake, akanywa chai, akasema labda sita, akaona sita ni mzigo uleule, akasema madamu atakavyoona mwenyewe. Kellen akakataa. Akaweka mikono mezani akasubiri, na hakuna kitu kigumu kwa mtu wa adabu kama kusubiriwa.

"Watano," Illuminée akasema, na uso ukamwaka moto kama ameomba nyumba ya mtu. "Na nusu saa kati ya mmoja na mwingine."

"Watano. Umeona? Sijakupiga." Kellen alikuwa ameshaanza kuandika. Wakaacha kiasi kimoja cha mwezi, wakagawana kwa kila mgeni: sita kwa kumi za Illuminée, nne za nyumba. Mwenye vocha ya ofa, nyumba imlipie, kwa bei pungufu kidogo waliyokubaliana, maana ofa ni ya nyumba. Mgeni akiahirisha zikiwa zimebaki chini ya saa mbili, atatozwa nusu. Wa sita apelekwe kwa Aurore, naye Aurore achukue fungu lake mwenyewe. Mapokezi wasipige tena simu kuuliza kama itawezekana.

Illuminée alitia sahihi kwa mkono wa kushoto. Herufi zilitoka za mtoto wa darasa la kwanza.

Wiki hiyohiyo mkutano mwingine ukaanza. Jioni moja, mgeni wa tano akiwa ameshavaa viatu vyake na kwenda, mlango ukagongwa. Hakupitia mapokezi. Alikuwa mama mnene wa Nakuru, kadi ya mkutano bado inaning'inia kifuani, anatabasamu kwa uchungu.

"Dada, shingo imekufa kabisa. Nisaidie hata kidogo tu."

Aurore alikuwa ameshaenda nyumbani. Taulo safi lilikuwepo. Nusu saa tu, Illuminée alijiambia, na mkono wa kushoto ukawa umeshaanza kufungua kifaa wenyewe. Alijihisi kama anataka kuiba. Akajiandalia samahani nne au tano, na sababu, na sababu ya sababu.

"Samahani, mama. Leo nimemaliza," akasema. "Leo siwezi."

"Aa, sawa," yule mama alisema. "Kesho asubuhi je?"

"Kesho saa nne."

"Sawa dada, pumzika." Akaondoka akijishika shingo, akamwomba mhudumu aliyepita chai ya tangawizi.

Basi, ni hivyo tu. Illuminée alibaki ameshika mlango na samahani zake zote mdomoni, hakuna aliyezihitaji. Akakaa kwenye kitanda cha kukandia wageni, ambacho hakuwahi kukikalia, akaanza kulia, machozi ya hasira, akijililia yeye mwenyewe, yule aliyeegemea ukuta mwaka mzima akiogopa kukasirikiwa na watu ambao wangesema tu sawa.