Wanafunzi Sita Nje ya Duara

Wanafunzi walimwita Mama Duara, kwa sababu alichora duara kwa mkono mtupu na likafunga kama kifuniko na chungu chake. Alikuwa mwalimu wa hesabu, mpole, ugomvi hauwezi. Ndivyo alivyojulikana, mpaka wavulana wa bweni walipovamia jiko la shule.

Mpishi alivunjwa mkono. Mlinzi alipasuliwa paji la uso, damu ikamziba macho. Kulipokucha, mwalimu wa nidhamu akawapanga wavulana wote arobaini uwanjani. Mawe waliyorusha yalikuwa ya bustani, yenye chokaa mbichi; fimbo walizivunja kwenye ua wa miti yenye utomvu mweusi. Vyote viwili havitoki kwa maji matupu. Akaita wenye chokaa viganjani: ishirini na sita. Wakarudi mstarini. Akaita wenye utomvu: kumi na wanne.

"Jumla arobaini," akasema. "Hakuna aliyesalia."

Akaanza kuchapa viganja. Mama Duara, aliyeisikia hesabu hiyo kutoka barazani, alipofika, wa tano alikuwa amepiga magoti, ngozi imechanika.

"Mwenzangu, ngoja kwanza. Hakuna aliyejitokeza mara mbili?"

"Wapo, mama," mlinzi akajibu, kitambaa kimemlowa kichwani. "Sita. Niliwahesabu mwenyewe."

Mama Duara akachutama, akachora mavumbini maduara mawili yaliyopandana.

"Hao sita wanakaa hapa katikati, wana chokaa na utomvu. Chokaa peke yake, ishirini na sita toa sita: ishirini. Utomvu peke yake, kumi na wanne toa sita: wanane. Ishirini, sita na wanane ni thelathini na wanne. Umewahesabu sita mara mbili, wakajaza nafasi za sita wengine walio huku nje, ambao hawakugusa kitu."

"Unanifundisha kazi mbele ya watoto? Ondoka."

Hakuondoka. Fimbo ikamshukia kwenye kifundo cha mkono, mfupa ukalia. Ilipoinuka tena, mlinzi aliidaka.

"Mzee, aliyepasuliwa ni mimi, na mimi sijakutuma. Waoneshe viganja, wote kwa pamoja."

Viganja vikainuliwa. Wanne wakatoka mbele, mikono safi kama ya mtoto aliyeogeshwa. Kisha wawili waliokwisha kuchapwa wakasogea, wakisitasita. Mlinzi akaiachia fimbo, akawamiminia maji. Chini ya damu hapakuwa na chokaa wala doa jeusi.

Mwalimu wa nidhamu akatazama pembeni. "Basi hao sita waende. Waliobaki wako ndani ya duara lako, mama. Umenithibitishia mwenyewe."

Akainua fimbo. Mvulana aliyefuata alikuwa na chokaa hadi kwenye kucha.

Mama Duara akaukumbatia mkono uliovimba, akaenda kusimama mbele ya mvulana huyo.

"Nimekuonesha nani alirusha," akasema. "Sikukwambia upige."