Ukaguzi Ambao Hakuna Aliyeuomba

Dorotea Nkwabi alishazoea kutojibiwa. Kila Jumatatu asubuhi, kabla watu wa fotokopi hawajajazana kwenye steshenari yake ya Mabatini, alichagua biashara tatu za mjini, akafungua tovuti zao kwa simu kama mteja yeyote, akaandika makosa aliyoyaona, kisha akawatumia wenyewe bila kuombwa. Ulikuwa ukurasa mmoja tu. Mambo matatu, picha moja yenye duara jekundu, na maelezo ya kosa moja ambalo mwenye duka angeweza kulirekebisha mwenyewe bure. Bei hakuiweka. Mwishoni aliandika: "Kazi hii naweza kuwafanyia. Mkipenda tuzungumze dakika kumi, nipo."

Kazi hiyo aliisomea miezi miwili kule Nyegezi, akiwa na miaka thelathini na nane, darasani na wanafunzi waliomwita mama hadi akakoma kuwakataza. Mwalimu aliwaambia kwamba mwenye biashara hasomi barua ya kujisifu, lakini akionyeshwa kwamba namba yake ya simu imekosewa kwenye tovuti yake mwenyewe, atasoma mpaka mwisho. Na ni kweli, kwa kiasi chake. Katika ukaguzi arobaini na kitu aliotuma, wengi walinyamaza, mmoja alimuuliza ametumwa na nani, na mwenye nyumba ya wageni kule Kirumba alimpa kazi. Kazi hiyo moja ilimtia kiburi, na kiburi, tuseme ukweli, kilimkaa vizuri.

Jumatatu hiyo zamu ilikuwa ya Maabara ya Ziwa Nuru, maabara binafsi ya vipimo iliyoko katikati ya mji. Aliifahamu. Miezi mitano nyuma aliingia pale kimya kimya kupima damu, akakwepa hospitali ya karibu ambako kila dirisha lina mtu anayemjua. Majibu alitumiwa kwa simu, kiungo cha kubonyeza. Alikibonyeza mara moja, akasoma, akafuta ujumbe, akaenda kukata karatasi za mitihani kama vile hakuna kilichotokea. Alikuwa na homa ya ini aina ya B. Daktari alimwambia kwamba wengi huishi nayo miaka na miaka, ila ahudhurie kliniki, na mumewe apimwe na achanjwe kama hana. Kliniki alihudhuria. Mumewe Mashimba, baba wa mtoto wao Mihayo, hakumwambia. Kila wiki alijiahidi kwamba atamwambia wiki ijayo.

Basi akaanza kukagua. Jambo la kwanza, ukurasa wa mbele ulichukua muda mrefu kufunguka kwa sababu ya picha kubwa ya darubini. Jambo la pili, saa za kazi zilizoandikwa zilikuwa za Ramadhani iliyopita. Kwa jambo la tatu akafanya kama afanyavyo kila mara: akaenda Google, akaandika neno lile fupi ambalo ukilitanguliza mbele ya anwani ya tovuti, unaletewa kurasa zote za tovuti hiyo ambazo Google inazijua. Hutafuta kurasa zilizosahaulika, matangazo ya zamani, vitu vya namna hiyo.

Safari hii yalikuja majina ya watu.

Faili juu ya faili, kila moja na jina la mtu na neno "majibu". Chini ya kila jina Google ilikuwa imenyofoa mstari wa maandishi ya ndani, na mistari mingine haikuhitaji daktari kuielewa. Dorotea aliondoa macho haraka, kama mtu aliyefungua mlango wa bafu na kukuta mtu yumo. Halafu moyo ukamwambia atazame tena. Akateremsha ukurasa. Akajikuta yumo. Dorotea Nkwabi, tarehe, kipimo, jibu.

Alifungua faili hilo moja tu, la kwake, ili ahakikishe macho hayamdanganyi. Hayakumdanganya. Mtu yeyote wa Mabatini angeandika jina lake akayakuta hayo: mteja wake, mwenye nyumba, mama mkwe, wanakwaya. Aliogopa. Alishamwona jirani aliyetengewa kikombe chake peke yake kwa ugonjwa huo huo, na huyo alikuwa na ndugu wengi kuliko yeye.

Unaweza kusema, si angewapigia tu kama mgonjwa na kulalamika? Alilifikiria hilo. Lakini simu ya maabara hupokelewa na Rebeka, na Rebeka huyo, aliyeanza kazi pale juzi juzi tu, anaimba sauti ya pili kwenye kwaya moja na Dorotea. Ingebidi aseme kwa sauti, kwa Rebeka, jina lake na jibu lake. Hapana. Akaona heri ajifiche nyuma ya ukaguzi. Awaambie kama fundi wa tovuti, mtu baki asiyehusika, nao wafute, na yeye aendelee kumwahidi Mashimba wiki ijayo.

Akaandika jambo la tatu kwa uangalifu: "Google inaonyesha nyaraka zenu ambazo nadhani hazikukusudiwa kuonekana na watu. Sijaziwekea picha hapa. Naomba tuzungumze haraka." Picha hakuweka kweli, na hapo alifanya vyema. Ila kwa woga alisahau kufuta mistari yake ya kawaida ya chini, hivyo ukurasa ukaishia: "Kazi hii naweza kuwafanyia. Mkipenda tuzungumze dakika kumi, nipo." Akatuma WhatsApp kwa namba ya mwenye maabara, ile iliyoandikwa kwenye tovuti. Tiki mbili zikageuka bluu. Ndipo aliposoma tena alichokiandika, kwa macho ya aliyekipokea. Nina siri zenu, nipigieni, kazi naweza kuifanya. Hivyo ndivyo wanavyoandika matapeli.

Jibu lilikuja baada ya robo saa. "Umeingiaje kwenye mfumo wetu? Unataka kiasi gani? Njoo kesho saa nne asubuhi na kitambulisho chako. Suala hili ni la polisi."

Siku ile alitoa fotokopi mbovu, akamrudishia mteja chenji ya mtu mwingine, na chakula kikamshinda. Alifikiria kufunga duka na kwenda kwa dada yake Sengerema. Alimwazia Mashimba akipigiwa simu kutoka kituoni na kuambiwa yote mawili kwa mpigo, kwamba mkewe amekamatwa na kwamba mkewe anaumwa. Kila pikipiki iliyosimama nje ilimfanya ainue kichwa. Hata hivyo hakuufuta ujumbe, maana faili lilikuwa bado lipo. Alilitazama mara sita siku hiyo, na mara zote sita lilikuwepo.

Kesho yake saa nne kasorobo alikuwa mapokezi. Rebeka akamchangamkia. "Dada Dorotea! Umekuja kupima?"

"Nimeitwa na bosi wako," Dorotea akasema, na Rebeka akaacha kutabasamu, kwa sababu alishaambiwa kwamba aliyeitwa na bosi ni tapeli, na kwamba yeye atahitajika ndani awe shahidi.

Mwenye maabara, Mama Zahabia, alikuwa mtu mzima wa miaka sitini na ushee, mtaji na jina la duka la dawa la baba yake vyote vikiwa vimeingia kwenye maabara ile. Pembeni yake alikaa Kushal, aliyemtengenezea tovuti, akiwa ameshafungua kompyuta.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa." Sauti ya Mama Zahabia nayo ilikuwa inatetemeka, na hilo Dorotea hakulitegemea. "Nimeendesha maabara hii miaka ishirini na mbili. Sasa wewe unaniandikia vitisho?"

"Si vitisho, mama. Niliandika vibaya. Nisamehe kwa hilo."

"Amevunja mfumo," Kushal akadakia. "Yale majibu tunawatumia wagonjwa kwa kiungo cha siri. Hakuna mahali popote tumekiweka hadharani. Hawezi kuyaona bila kuingia. Polisi wana watu wa makosa ya mtandao, tuwaachie wao."

"Sikuingia popote, kaka. Folda mnamoyaweka haina nywila, na ukiifungua yenyewe inaorodhesha vilivyomo. Google imepita, imesoma. Mimi nimetafuta tu, kama mtu yeyote."

"Maneno matupu. Onyesha."

Mama Zahabia akasukuma simu yake mwenyewe mezani. "Hapa. Si kwenye simu yako. Onyesha."

Dorotea akaichukua. Angeandika lile neno fupi na anwani, majina ya wagonjwa wote yangetokea kwa pamoja, na Rebeka alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake akichungulia. Wote wale, watu wa watu, mbele ya mwanakwaya mwenye ulimi mwepesi. Vidole vikagoma. Kushal akaguna, "Mmeona?"

Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani. Kisha akaandika jina lake mwenyewe, akaongeza jina la maabara, akabonyeza, akairudisha simu mezani.

Kushal aliwahi kuishika. Akafungua faili na kuanza kusoma kwa sauti, bado akiwa na uhakika kwamba si kitu. "Dorotea Nkwabi, miaka thelathini na nane, kipimo cha homa ya ini aina ya B, jibu..." Rebeka alikuwa ameshasoma. Alijifunika mdomo.

"Ni mimi," Dorotea akasema. "Nilipima hapa kwenu mwezi wa pili. Wengine wapo pia, ila hao sina ruhusa ya kuwaonyesha."

Mama Zahabia aliigeuza simu kifudifudi juu ya meza na kuifunika kwa kiganja. "Rebeka, nenda nje. Na neno la humu likisikika kanisani kwenu, usirudi kazini." Kisha akamgeukia Kushal, na kwa muda wa dakika moja Dorotea alisikia Kigujarati, lugha ya kwao wote wawili, kingi kuliko alichowahi kusikia maishani, na hakuhitaji mkalimani.

Kushal hakubisha. Aliifunga folda, akayahamisha mafaili, akatuma maombi Google yaondolewe kwenye utafutaji, uso wote ukiwa umemshuka. "Hayatapotea sasa hivi," akasema taratibu. "Yanaweza kubaki yakionekana siku moja, mbili. Ni watu kumi na tisa."

"Basi yataondoka," Mama Zahabia akasema. "Tusiwatie watu wasiwasi. Pengine hakuna aliyeona."

Dorotea alikuwa ameshasimama. Alijua Rebeka yuko nyuma ya mlango ule, na kwamba hakuna amri ya bosi inayofika mpaka Mabatini. "Wapigieni, mama. Wasikie kutoka kwenu kabla hawajasikia kwa majirani. Mimi mngenipigia, nisingejificha nyuma ya karatasi."

"Wote kumi na tisa?"

"Nyinyi wapigieni kumi na nane. Wa kumi na tisa ni mimi, na anayepaswa kusikia kutoka kwangu ni mume wangu; huyo nitampigia mwenyewe."

Alitoka kupitia mlango wa nyuma, akasimama kwenye uchochoro penye mapipa ya maji, akapiga. Simu iliita mara mbili tu.

"Mama Mihayo," Mashimba akasema kwa furaha, maana si kawaida ya mkewe kumpigia saa za kazi. "Kuna habari gani?"