Ngazi ya Tatu

Kazi yangu mu biro ya Kolwezi, wakati wa Zaïre, ilikuwa kusoma ripoti za baenjenia mbele ya kupigwa muhuri. Ile ya siku hiyo ilikuwa nene, ya bandishi batatu: mujiolojia, enjenia wa maji na enjenia wa mugodi. Batu ba majivuno! Mumoja anaandika "ufa", mwingine "mupasuko". Kifupisho kimoja kinatumiwa kurasa arobaini bila kuelezwa. Michoro miwili, yote Mchoro 12. Kila neno na kila namba niliandika kwa fishi, vile vikaratasi vyangu vigumu, na ukurasa wake, kisha nikalinganisha. Kubadili namba mi sikuwa na ruhusa. Mwandishi mwenyewe njo anatia paraf, ile sahihi yake fupi, pale panabadilishwa.

Ijumaa asubuhi nilifika kwenye ngazi za mugodi. Shimo lilikatwa ngazi saba. Mujiolojia aliandika kwamba ukuta umepasuka kwenye ngazi ya tatu. Enjenia wa mugodi akaitikia: ya tatu ifungwe, bachimbaji bahamie ya tano. Lakini kwa fishi zangu, urefu wa ngazi ya tatu haukufanana katika sura zile mbili. Nikafungua michoro.

Mama yangu weee! Mumoja alihesabu toka juu, mwingine toka chini. Ya tatu ya mujiolojia ilikuwa ya tano ya enjenia. Balikuwa banatoa batu pahali pazuri, banabapeleka chini ya nyufa. Na karatasi ya kazi ilikuwa imetangulia ripoti: bwana yangu wa ndoa, mutoboaji wa mawe, alihamishwa kwenye ya tano asubuhi ile ile.

Nilimukimbilia shefu wa biro, nikamuonyesha michoro.

"Andika swali pembeni, mama," alisema bila kuinua macho. "Enjenia eko Likasi. Jumatatu atatia paraf."

"Jumatatu, tata? Batu beko kule sasa!"

"Weye ni musomaji. Soma."

Hasira ilinipanda. Nikachukua telefone yake mbele yake, nikamuita kapita wa shimo, musimamizi wa bachimbaji, nikamwambia ngazi zimehesabiwa kinyume, atoe batu bote.

"Mama, mi niko na karatasi ya kazi yenye sahihi. Weye uko na nini?" kapita aliuliza.

"Niko na fishi."

Nilisikia mashine zikitoboa nyuma yake. Kisha akasema polepole: "Nyufa tunaziona toka asubuhi. Tulifikiri kule biro balishakagua."

Balitoka bote. Bwana yangu aliacha kule koti na chakula chake, na mbele ya saa kumi ukuta ulishuka. Vioo vya dirisha yetu vikalia. Shefu aliketi, kalamu mukononi.

Batu balinishukuru, banapiga makofi. Mi nilirudi kwa kabati, kutafuta fishi za zamani. Mwezi uliopita, bandishi bale bale balileta ripoti ya shimo lingine, upande wa Mutoshi. Nilikuwa nimechoka. Nilisahihisha vifupisho, nikapanga michoro, nikaipitisha. Ngazi sikuzihesabu.